Damu Kuongezeka, Kiungulia na Mkojo wa Mara kwa Mara: Chanzo Chake kwa Mjamzito na Mpaka wa Kawaida

Katika kliniki za wajawazito za Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na za Masasi, chini upande wa magharibi, kuna malalamiko matatu yanayorudi karibu kila siku. Mama anasema amechoka na moyo unamwenda mbio akipanda mwinuko. Anasema usiku hapati usingizi kwa kwenda haja ndogo. Anasema kifua kinamwaka moto akilala. Mara nyingi hujibiwa kwa maneno mawili tu: "ni mimba." Jibu hilo ni sahihi kwa akina mama walio wengi, lakini halitoshi. Halimwelezi mama kwa nini mwili wake unafanya hivyo, na halimsaidii mhudumu kutambua siku ambayo lalamiko lilelile limebeba ugonjwa.

Makala haya yanaeleza chanzo cha mabadiliko hayo matatu, kisha yanamfuata mama mmoja katika mahudhurio yake ya kliniki. Mama huyo ni wa mfano. Tumemtunga kwa ajili ya mafunzo, ila hali zake ni zile ambazo wahudumu wa ukanda huu hukutana nazo.

Mwanzo wa yote: mishipa inalegea

Tangu majuma ya mwanzo ya mimba, homoni ziitwazo projesteroni na estrojeni huongezeka sana. Mojawapo ya kazi za projesteroni ni kulegeza misuli laini, yaani misuli ambayo hatuiamrishi wenyewe. Misuli hiyo imo katika kuta za mishipa ya damu, katika umio na tumbo la chakula, katika matumbo, na katika mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Kulegea huko kuna faida, kwa kuwa mfuko wa uzazi nao ni msuli laini, na usipolegea hauwezi kumhifadhi mtoto kwa miezi tisa.

Mishipa ya damu inapolegea, nafasi ndani yake huwa kubwa kuliko damu iliyomo. Mwili huhisi upungufu huo, na figo huagizwa kubakiza chumvi na maji. Maji hayo huingia katika damu na kuongeza ile sehemu yake ya majimaji, ambayo kitaalamu huitwa plazma. Ongezeko huanza kati ya juma la 6 na la 8, hupanda kwa kasi katika miezi ya kati, na hufikia kilele karibu na juma la 32 hadi la 34. Moyo nao hupiga haraka zaidi na kusukuma damu nyingi zaidi kila dakika. Hivyo mama mwenye afya njema anaweza kuhisi mapigo ya moyo na kuhema kidogo anapopanda kilima na ndoo kichwani, wakati mwaka uliopita alikipanda bila taabu.

Kwa nini damu huonekana imepungua ilhali imeongezeka

Jambo hili huwachanganya wagonjwa, na wakati mwingine wahudumu pia. Mama ana damu nyingi kuliko kabla ya mimba, lakini kipimo cha wingi wa damu kinashuka. Tufikirie chungu cha uji. Ukiongeza maji kwa nusu na unga kwa robo tu, uji umekuwa mwingi na unga nao umeongezeka, lakini kila upawa utakaoteka ni mwepesi kuliko wa awali. Kipimo cha hemoglobini hupima uzito wa upawa, hakipimi ukubwa wa chungu.

Tufanye hesabu yenyewe. Mwanamke mwenye lita 4 za damu kabla ya mimba huwa na takribani lita 2.5 za plazma na lita 1.5 za seli nyekundu. Hemoglobini yake ikiwa gramu 12.5 kwa kila desilita, basi mwilini mwote ana gramu 500. Katika mimba plazma huongezeka kwa karibu nusu, hivyo hufika lita 3.75. Seli nyekundu zikiongezeka kwa robo, zinafika karibu lita 1.9, na hemoglobini yote inafika gramu 625. Damu yote sasa ni takribani lita 5.6. Ukigawanya gramu 625 kwa desilita 56.25, unapata gramu 11.1. Kipimo kimeshuka kutoka 12.5 hadi 11.1, na mama huyu si mgonjwa.

Sasa tuchukue mama mwingine, aliyeanza mimba akiwa na akiba ndogo ya madini ya chuma. Plazma yake itaongezeka vilevile, kwa sababu maji hayahitaji chuma. Seli nyekundu ndizo zinazohitaji chuma, na zake zikiongezeka kwa asilimia 15 tu, hesabu ileile inatoa gramu 10.5. Hapo ndipo ulipo mpaka. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na chini ya gramu 10.5 katika miezi mitatu ya kati, ambapo damu huwa imechanganyika zaidi na maji. Chini ya gramu 7 ni upungufu mkali, na mama hupelekwa hospitali bila kungoja hudhurio lijalo. Vivyo hivyo mama anayehema akiwa ameketi tu. Huyo hapaswi kusubiri namba impe ruhusa.

Maji haya ya ziada yana kazi. Damu nyepesi hupita kwa urahisi katika kondo la nyuma. Tena, wakati wa kujifungua mama anaweza kupoteza hadi nusu lita ya damu bila kudhurika, kwa kuwa alikwisha wekewa akiba. Kwa hiyo mhudumu asifurahie haraka anapokuta hemoglobini iko juu isivyotarajiwa mwishoni mwa mimba. Huenda plazma haikuongezeka ipasavyo, jambo linaloonekana kwa baadhi ya akina mama wanaopata shinikizo la damu la mimba.

Mkojo, na maji yanayopatikana kwa shida

Damu ikiwa nyingi, figo nazo hupokea nyingi. Uchujaji wake huongezeka kwa karibu nusu ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na mkojo huongezeka. Wakati huohuo mfuko wa uzazi, ambao bado umo ndani ya nyonga, hukilalia kibofu. Mimba inapoingia miezi ya kati mfuko hupanda tumboni, na wengi hupata nafuu. Mwishoni kichwa cha mtoto hushuka, na kibofu hubanwa tena. Usiku kuna sababu nyingine: maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi katika mzunguko wa damu mama anapojinyoosha kitandani, nazo figo huyatoa.

Juu ya uwanda wa Makonde jambo hili lina uzito wake. Mvua inayonyesha huzama upesi ardhini, mito ni haba, na kwa vizazi vingi maji yalifuatwa mabondeni chini ya uwanda. Mradi wa maji wa Makonde na mashimo ya kuvunia maji ya mvua vimepunguza adha hiyo, lakini ifikapo kiangazi ndoo moja bado hugawanywa kwa hesabu. Mama anayeamka mara nne usiku, na ambaye maji ya nyumbani hayatoshi, huona njia rahisi ni kunywa kidogo. Mkojo kwenda haja haupungui sana, kwa kuwa chanzo chake ni kazi ya figo na kubanwa kwa kibofu. Kinachobadilika ni kwamba mkojo unakuwa mzito na wa njano iliyokolea, choo kinakuwa kigumu, na njia ya mkojo haisafishwi vizuri.

Hatari iliyopo ni maambukizi. Ile mirija ya kutoka kwenye figo imelegea na kupanuka, hasa wa kulia, na mkojo hutuama ndani yake. Bakteria wakiingia hupata mahali pa kukaa, na kutoka kibofuni hupanda hadi kwenye figo kwa urahisi kuliko kwa mwanamke asiye na mimba. Maambukizi ya figo huweza kuleta homa kali na uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo kwenda mara nyingi peke yake ni kawaida. Kwenda mara nyingi pamoja na kuungua wakati wa kukojoa, mkojo wenye ukungu au damu, homa, au maumivu ya kiuno upande mmoja si kawaida, na mkojo upimwe siku hiyohiyo. Katika ukanda wenye malaria kama huu, homa ya mjamzito isihesabiwe kuwa malaria pekee. Kipimo cha malaria na kipimo cha mkojo vifanywe pamoja.

Ushauri wa kumpa mama ni kuhamisha saa za kunywa, wala si kupunguza kiasi. Anywe maji salama, takribani lita 2 kwa siku, sehemu kubwa kabla ya jua kuzama. Alasiri alaze miguu juu ya kitu kwa nusu saa, ili maji ya miguuni yatoke kabla ya usiku. Mkojo ukiwa na rangi nyepesi ya njano, kiasi anachokunywa kinatosha.

Kiungulia

Mahali umio unapokutana na tumbo la chakula pana pete ya msuli inayofungua chakula kikipita, kisha hujifunga. Projesteroni huilegeza pete hiyo, na pia hulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Baadaye mfuko wa uzazi hulisukuma tumbo kutoka chini. Tindikali hupanda katika umio, ambao hauna utando wa kuihimili, na mama huhisi moto nyuma ya mfupa wa kifua. Moto huo huzidi akishiba sana, akiinama au akilala chali.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni namna ya kula na kulala. Mama ale kidogo kidogo mara nyingi, amalize chakula cha usiku saa mbili au tatu kabla ya kulala, na alalie ubavu wa kushoto. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe kwa tofali. Isipotosha, vidonge vya kupunguza tindikali hutolewa kliniki. Soda ya kupikia na magadi vikorogwavyo katika maji havifai, kwa kuwa huongeza chumvi mwilini.

Hapa pana mtego unaounganisha kiungulia na damu. Chuma huhitaji tindikali ili kifyonzwe. Mama akimeza kidonge cha chuma pamoja na dawa ya kiungulia, chuma kingi hupita bila kuingia mwilini. Chai ya rangi na udongo unaoliwa na wajawazito nao hukishika chuma na kukizuia. Vidonge vya chuma vyenyewe huweza kuongeza kiungulia, na mama huviacha kimyakimya. Ndiyo maana mhudumu asiulize tu, "Unameza vidonge?" Aulize unameza saa ngapi, na pamoja na nini.

Mama mmoja, mahudhurio manne

Mama wa miaka 24, mwenye mimba ya pili, anatoka katika kijiji kimoja cha Newala. Katika juma la 12 hemoglobini yake ilikuwa gramu 12.1 na shinikizo la damu 112/70.

Juma la 26 anafika akilalamika mambo yote matatu: uchovu, mkojo na kiungulia. Hemoglobini ni 10.7, shinikizo 104/62. Kipimo cha malaria hakina vimelea. Mkojo hauna protini wala dalili ya maambukizi. Muuguzi mkunga anaona kwamba 10.7 ingali juu ya mpaka wa 10.5 wa miezi ya kati, na kwamba shinikizo kushuka kidogo kipindi hiki ni matokeo ya mishipa kulegea. Anapouliza kuhusu maji, mama anajibu, "Sista, kuanzia saa tisa alasiri sinywi kitu, nipate kulala." Anafundishwa kuhamisha saa za kunywa na anapewa dawa ya kiungulia. Anapata pia dozi yake ya SP ya kukinga malaria na vidonge vya kila siku vyenye miligramu 60 za chuma na 0.4 za asidi ya foliki.

Juma la 30 hemoglobini ni 10.4. Sasa yuko katika miezi ya mwisho na mpaka ni 11. Huu si wepesi wa uji tu, unga nao umepungua. Muuguzi anaangalia tena malaria, minyoo na kutokwa damu. Kisha anauliza saa za dawa, na chanzo kinaonekana: mama humeza vidonge vyote pamoja asubuhi na chai, na kwa siku kadhaa aliacha cha chuma kwa sababu kilimchoma. Mpango unabadilishwa. Chuma kinaongezwa hadi miligramu 120 kwa siku, katika dozi mbili. Kila dozi humezwa na chakula kidogo, mbali na chai, na kwa tofauti ya saa mbili na dawa ya kiungulia. Kwa kuwa ni msimu wa korosho, anashauriwa kula bibo pamoja na chakula cha mchana. Tunda hilo lina vitamini C nyingi, inayosaidia chuma kuingia mwilini. Asilile usiku, kwa kuwa lina tindikali, na uraka unaotokana nalo asiunywe kabisa, kwa kuwa ni pombe. Chakula cha nyumbani kiwe na kisamvu, kunde au mbaazi, na samaki au nyama kila inapopatikana.

Juma la 34 hemoglobini imepanda hadi 11.2. Mama analala vizuri zaidi na kiungulia kimepungua.

Juma la 36 anarudi kabla ya tarehe yake. "Sista, kile kiungulia kimerudi," anasema. Mhudumu mwenye haraka angempa vidonge vilevile. Muuguzi huyu anamwomba aonyeshe kwa mkono, naye mama haweki mkono kifuani. Anauweka chini ya mbavu za kulia. Maumivu hayabadiliki akila, akiinama wala akilala. Tangu jana kichwa kinamuuma na dawa ya maumivu haikusaidia. Shinikizo la damu ni 148/96. Linapimwa tena baada ya kupumzika na bado liko juu ya 140/90. Mkojo una protini, alama mbili.

Hicho si kiungulia. Ni dalili za kifafa cha mimba: mishipa ambayo ingepaswa kuwa imelegea imekaza, na ini limevimba ndani ya gamba lake na kuleta maumivu yale ya chini ya mbavu. Anapewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege na kusafirishwa hospitali akisindikizwa na mhudumu. Kwa kuwa mimba imefika juma la 36 na dalili ni kali, madaktari hawangoji juma la 40. Tiba ya ugonjwa huu ni mtoto na kondo la nyuma kutoka.

Mambo ya kuangalia

Mama huyu alitumia neno "kiungulia" mara mbili, na kila mara lilikuwa na maana tofauti. Kilichotenganisha maana hizo ni mahali pa maumivu, namna yanavyobadilika na chakula na mlalo, na kipimo cha shinikizo la damu. Kwa hiyo baada ya juma la 20, kila mjamzito anayetaja maumivu ya juu ya tumbo apimwe shinikizo na mkojo kabla ya kupewa dawa ya tindikali, hata kama alipimwa juma lililopita.

Kwa mama mwenyewe, kuchoka kidogo, kwenda haja mara nyingi na kuwaka kifua baada ya kula ni kazi ya mwili unaomlea mtoto. Asingoje tarehe ya kliniki akihema akiwa amekaa, mkojo ukimchoma au akiwa na homa, kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu au nyota, uso na mikono vikivimba ghafla, au maumivu yakikaa chini ya mbavu. Kutoka vijiji vya uwandani hadi hospitali ni safari ndefu, hasa usiku. Ni heri aianze asubuhi ile dalili inapoonekana, akiwa na kadi yake ya kliniki mkononi.